Simu mfuko wa nyuma, mziki unakatakata: mwili wako ndo upo njiani

"Habari fundi. Nina eafoni za blutuu nimenunua mwezi uliopita, nikiwa geto hapa Mwanga zinapiga vizuri hata simu nikiiacha kitandani nikaenda koridoni. Shida ni asubuhi nikienda kukimbia barabara ya Ujiji, simu naweka mfuko wa nyuma wa kushoto, hapo mziki unakatakata kila hatua afu sikio la kulia linapotea kabisa. Nimeambiwa eafoni ni feki nirudishe. Ni kweli?"

Usizirudishe kwanza mdogo wangu. Hapo uliposema ndani zinapiga na nje zinakata ndo umenionyesha tatizo liko wapi, maana eafoni mbovu mara nyingi ingekukatia hata geto, haichagui. Kinachokukatia ni mwili wako wenyewe uliokaa katikati ya simu na sikio, na huko barabarani hamna ukuta wa kukusaidia. Ngoja nikueleze taratibu, maana hapa Kigoma naona watu wananunua eafoni ya pili na ya tatu kwa kitu hikihiki na pesa inapotea bure.

Blutuu ni redio. Inarusha mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi ya hapo yanamezwa sana na maji, na mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji. Ile oveni ya maikrowevu inayopasha chakula nayo inatumia mawimbi ya hapohapo, ila yenyewe inatoa mamia ya wati na eafoni yako ni miliwati chache tu, kwa hiyo usiogope kwamba inakupika, hapana, nataka tu uone kwamba nyama na mawimbi haya hawapitani salama. Yakiingia mwilini yanaishia ndani ya sentimita chache. Sasa hebu fuata kwa mkono wako kutoka mfuko wa nyuma wa kushoto mpaka sikio la kulia: kuna kalio, kiuno, mgongo, bega, afu kichwa chenyewe. Kupita katikati ya vitu vyote hivyo haiwezekani. Mawimbi yanafika sikioni kwa njia mbili tu, moja ni kutambaa kuzunguka mwili kwa nje, na hapo yanafika yamechoka, na nyingine ni kudunda kwenye vitu vya pembeni halafu yakurudie.

Hiyo ya kudunda ndo inayokubeba ukiwa geto bila wewe kujua. Una ukuta pande nne, una sakafu, una bati juu, na bati linarudisha mawimbi haya karibu yote kama kioo kinavyorudisha mwanga. Simu ikiwa nyuma yako mawimbi yanapiga ukuta wa nyuma, yanapiga bati, yanazunguka chumba na kukuingia sikioni kwa mbele, we unaona zinapiga vizuri unadhani yamekupita mwilini. Ukitoka asubuhi barabara ya Ujiji, pale kwenye uwazi, yakienda nyuma yameenda moja kwa moja, hamna cha kuyarudisha. Inabaki lami chini na kile kidogo kinachotambaa mwilini. Ndo maana ukipita karibu na fremu za maduka unasikia mziki unarudi vizuri, ukifika penye uwazi unaanza tena kukata. Kesho angalia hilo utaniambia.

Na hapo watu wanauliza, si boksi limeandika mita 10? Ni kweli limeandika, na huenda halidanganyi. Ila hizo mita 10 ni pale simu na eafoni zinaonana, hamna kitu katikati. Nguvu ya redio inashuka kwa mraba wa umbali, yaani umbali ukiongezeka mara 2 nguvu inabaki robo, umbali ukiongezeka mara 10 inabaki sehemu moja kati ya 100. Sasa geuza hesabu. Tuchukue mfano mwili umemeza 99 katika kila 100 ya nguvu iliyotoka, ambalo si jambo la ajabu kwa njia ya kutoka mfuko wa nyuma kwenda sikio la upande wa pili. Kwa eafoni ni sawasawa na kuisogeza simu mara 10 mbali zaidi, kwa hiyo zile mita 10 zako zimebaki mita 1. Kutoka mfuko wa nyuma mpaka sikioni ni kama sentimita 80 hivi, inategemea urefu wako. Umeona ulipo? Uko ukingoni kabisa, na ukiwa ukingoni kitu kidogo tu kinakuangusha, hata mguu kwenda mbele na kurudi nyuma, na ndo hiyo unasema inakata kila hatua.

Nikupe kisa kimoja maana kinafanana na chako. Alikuja dada mmoja anayeanika dagaa kule Kibirizi, ana eafoni za pili hizo, za kwanza alishampa mdogo wake akidhani zimekufa. Nikazijaribu hapa ofisini nusu saa, hazikukata hata mara moja. Ningeweza kumwambia dada ni nzima nenda, lakini angefika kule zingekata na angeniona muongo, nikafunga tukashuka wote mpaka ufukweni. Pale nikamwambia tusikilize wimbo mmoja, uleule, atembee kutoka kwenye vichanja vyake mpaka majini na kurudi, kila mara simu ikae sehemu tofauti na yeye ahesabu kila inapokata. Simu mkononi mbele ya kifua, hamna kitu. Kwenye mkoba mdogo uliovaliwa mbele, hamna kitu. Mfuko wa mbele wa suruali ya jinzi, upande uleule wa sikio linalokata, mara 2. Mfuko wa nyuma upande wa pili, akahesabu mpaka 14 akaacha. Halafu nikamwambia, simu iache hukohuko nyuma, njoo utembee kando ya ukuta wa ghala pale. Alipokaribia ule ukuta kama hatua mbili tatu mziki ukatulia wenyewe, akajitoa kwenda upande wa ziwa ukaanza tena. Akarudi ukutani, ukatulia. Hakugusa simu wala eafoni. Mpaka pale akanielewa bila mimi kuongeza neno, na kwenye uwazi wa ziwa Tanganyika ndo pabaya kuliko sehemu zote, maana upande mmoja wote hauna chochote cha kudundisha.

We fanya jaribio hilo uwanja wa Lake Tanganyika au kiwanja chochote cha wazi, ni bure na litakupa jibu la uhakika kuliko maneno ya mtu. Weka simu juu ya kitu cha kimo cha kiuno, stuli au jiwe, isilale chini kwenye ardhi kwa sababu ardhi nayo inameza. Weka mziki, rudi kinyumenyume huku unaitazama simu mpaka ianze kukata, hesabu hatua. Rudi, fanya tena lakini safari hii umeipa simu mgongo. Kwa eafoni nzima ya kawaida ukiitazama simu utafika hatua 10 au zaidi, na ukiipa mgongo hatua zinapungua sana, wakati mwingine nusu, wakati mwingine chini ya hapo. Hiyo tofauti kati ya hesabu mbili ndo mwili wako. Ila kama hata ukiitazama simu inakata kwenye hatua 3 au 4, hapo sasa mi nitakubali kuna kifaa kibovu, na ntakuambia chini namna ya kujua ni kipi.

Kuhusu sikio la kulia kupotea. Simu iko kushoto, kwa hiyo sikio la kulia ndo lenye njia ndefu na kichwa kimeziba, hilo la kwanza. La pili, kuna eafoni za vipande viwili ambazo kimoja ndo kinashikana na simu, halafu kinampa mwenzake, na njia ya kutoka sikio hadi sikio inakatiza kichwa, nacho kimejaa maji vilevile. Ndani ya nyumba vinapeana kwa kudundisha ukutani, nje vinahangaika. Jaribu tu kuhamisha simu mfuko wa kulia, ukiona sasa linapotea la kushoto basi ni njia, sio kifaa. Likiendelea kupotea lilelile la kulia popote simu ilipo, basi hicho kipande chenyewe kina shida, betri au antena yake.

Sasa tuje kwenye kuingiliana, maana umeuliza kuhusu barabarani lakini najua wengine wanakatikiwa sokoni na sio barabarani, na dalili zake ni kinyume na zako. Gigahezi 2.4 ni bendi ya wote, haina leseni, waifai ipo hapo, blutuu za watu wote zipo hapo, maikrowevu ipo hapo. Blutuu ya mziki inajitetea kwa kurukaruka, ina chaneli 79 na inahama mara 1600 kwa sekunde, na ikigundua chaneli fulani zina kelele inaziacha inatumia nyingine. Lakini rauta moja ya waifai ikishika chaneli yake inafunika kama 20 katika hizo 79. Pita katikati ya Mwanga kwenye maduka ambapo kila fremu ina rauta yake, moja iko chaneli 1, nyingine 6, nyingine 11, hapo zimeshafunikwa kama 60. Zinazobaki safi ni chache, na wapo wenzako wanaozigombania.

Ila elewa vizuri, kelele peke yake kwa kawaida haikukatii. Simu ikiwa mkononi utapita sokoni na mziki unapiga, maana sauti ya simu yako iko karibu na ina nguvu kuliko hizo kelele. Ni kama mtu anayekuongelesha sikioni sokoni, unamsikia tu. Kelele inashinda pale mwili unapokuwa umeshaidhoofisha simu. Blutuu ya daraja la 2, ile ya mita 10, mwisho wake ni miliwati 2.5, na rauta inaweza kutoa mpaka 100. Simu ya mfuko wa nyuma imefika sikioni na chembe, na rauta ya dukani inakuingia kwa mbele bila kizuizi. Kwa hiyo umbali na kuingiliana sio magonjwa mawili, ni mizani moja: upande huu nguvu iliyofika, upande ule kelele iliyopo. Unaweza kupunguza kelele au kuongeza nguvu inayofika, na rahisi kuliko yote ni kuitoa simu nyuma.

Kuna kelele moja lakini ambayo we mwenyewe unatembea nayo mfukoni, na hii naomba uiangalie leo. Kama unawasha hotispoti kuwagawia wenzako bando halafu unasahau imewaka, simu yako inarusha waifai ya gigahezi 2.4 sentimita sifuri kutoka kwenye blutuu, na simu nyingi waifai na blutuu zinatumia antena moja, zinapokezana zamu. Kila zamu inayokwenda kwenye waifai ni zamu mziki wako umekosa. Zima hotispoti, zima na waifai ukiwa barabarani, kimbia umbali uleule uone. Kama lazima hotispoti iwake, ingia kwenye setingi za hotispoti utafute `AP band` au `Band`, badilisha kutoka 2.4 GHz kwenda 5 GHz, inatoka kabisa kwenye bendi ya blutuu. Shida yake ni simu za zamani zisizo na 5 GHz hazitaiona hiyo hotispoti yako, na umbali wake nao ni mfupi zaidi.

Kingine cha haraka ni kodeki. Mziki kabla ya kurushwa unabanwa, na namna ya kubana ndo inaamua mzigo ni mkubwa kiasi gani. SBC ya kawaida mzigo wake unafika kama kilobiti 328 kwa sekunde, LDAC ikiwekwa juu inafika 990. Eafoni ina akiba ya mziki kidogo sana, sehemu ya sekunde, pakiti ikipotea inaombwa tena kabla akiba haijaisha, sasa ukiwa umejaza mzigo mpaka juu nafasi ya kurudia haipo na inakata. Kama eafoni zako zina LDAC na kuna mtu alikuwekea 990, washa `Developer options` (ingia About phone, gusa Build number mara 7), tafuta `Bluetooth audio LDAC codec: Playback quality` na uweke `Best Effort (Adaptive Bit Rate)`. Kama hamna LDAC usihangaike hapo. Na ukiwa na ile modi ya gemu kwenye eafoni, izime, inapunguza akiba ili sauti iwahi, kwa hiyo inakata mapema zaidi. Hii akiba pia ndo sababu ukipigiwa simu sauti inakwaruza kabla mziki haujaanza kukata, maongezi hayawezi kusubiri.

Sasa uiweke wapi. Kwa kukimbia mi nakushauri mkanda wa mkononi, mkono wa upande wa sikio linalokata, au mkoba mdogo unaovaliwa kifuani. Mfuko wa shati ni mzuri kama una kifungo. Ukikosa vyote, mfuko wa mbele badala ya nyuma. Na kama umeng'ang'ania nyuma kwa sababu bukta haina mfuko mwingine, basi ihamishie kulia, na iweke kichwa juu, sio kuichomeka kichwa chini kama wengi wanavyofanya. Simu nyingi antena ya waifai na blutuu iko sehemu ya juu pembeni, ukiichomeka kichwa chini antena imezama imebanwa na kalio, na antena ikigusana na nyama haimezwi tu, inapoteza hata mlio wake iliyotengenezewa, kama ngoma iliyolowa. Ukiweka kichwa juu angalau kipande kinachungulia nje ya mfuko. Funguo na sarafu zitoe kwenye mfuko huo. Na kama kava lako lina kile kibati cha kushikia sumaku ya kwenye gari, kitoe ujaribu bila hicho. Jasho nalo lina mchango wake, nguo ikilowa ni maji mengine juu ya maji, ndo maana unaweza kuona dakika za mwanzo zinapiga afu baada ya kilomita mbili zinaanza.

Zile aplikesheni zinazodai kuongeza nguvu ya blutuu usipakue. Nguvu ya kurusha imefungwa ndani ya chipu, aplikesheni haiifikii, utapata matangazo tu.

Mwisho yule anayepata hatua 3 au 4 kiwanjani huku anaitazama simu. Azima simu ya mwenzako uunganishe eafoni zako, rudia hesabu. Ikiwa vizuri, ubovu uko kwenye simu yako, ikiwa vilevile, eafoni ndo zina shida na hapo rudisha bila kusita. Kama ni simu, jiulize imewahi kufunguliwa? Kubadilishwa kioo, betri, mfuniko wa nyuma? Kwenye simu nyingi antena imechorwa kwenye plastiki ya ndani, na inashikana na bodi kwa vispringi vidogo sana vya kugusa. Niliwahi kupokea simu iliyotoka kubadilishwa betri kwa fundi mwingine, blutuu inaisha hatua 2, nikaifungua nikakuta kispringi kimoja kimelala, chembamba kama unywele, kimekandamizwa wakati wa kufunga. Nikakiinua kwa kibanio, nikasafisha pale kinapogusa kwa spiriti, nikafunga. Ikarudi hatua 12 palepale. Dalili ya hili ni kwamba waifai nayo inakuwa dhaifu, unakaa karibu na rauta na bado mistari iko miwili. Ukiona blutuu na waifai zote zimelegea baada ya simu kufunguliwa, mrudishie aliyeifungua na mwambie akague vispringi vya antena ya juu, ni kazi ya dakika 10 kama ana mkono mtulivu.